Njia ya Jina la Mama

Swaumu Abdala ana kazi ambayo Kibiti nzima hakuna anayejua kuiita sawasawa. Printa ikigoma, anaitwa yeye. Umeme ukikatika, anaitwa yeye, utadhani ndiye anayeuzima. Televisheni ya barazani ikikosa picha siku ya mechi, wagonjwa wenyewe wanamtuma mtu akamwite. Kwenye barua ya ajira ameandikwa msimamizi wa mifumo, lakini midomoni mwa watu ni "dada wa mtandao", na jina hilo analichukia. Mtandao si kazi yake. Kazi yake ni kanzidata, yaani ile ghala ndani ya seva ambamo hospitali imeweka kila mgonjwa iliyewahi kumtibu, na kila alichopimwa na kila alichopewa. Ameshaeleza hivyo mara nyingi, na watu wamemwitikia kwa adabu, kisha wakamwuliza mtandao utarudi lini.

Alizaliwa Mtunda, kwa baba mkulima wa korosho na mama muuza vitumbua. Aliposoma Dar akamaliza diploma yake, wenzake walibaki kule kutafuta ofisi zenye viyoyozi, yeye akarudi. Hakurudi kwa uzalendo, tusimsingizie. Mama yake alikuwa mgonjwa, na hospitali hii ya jumuiya, iliyo kando ya barabara iendayo Lindi, ilikuwa inatafuta mtu. Mama akapona, kazi ikabaki.

Kitu kimoja tu pale hospitalini Swaumu anaweza kukinyooshea kidole akasema hiki nimekifanya mimi: watu wa delta, kule mto unakogawanyika kuingia baharini, kutafutwa kwa jina la mama.

Wenyeji hawahitaji kuambiwa, lakini kampuni ndogo ya Dar iliyotengeneza mfumo ilihitaji kuambiwa mara tatu. Mtu wa delta hakai na jina moja. Mtoto akiugua-ugua, wazee wanamvua jina wanampa jingine. Mwanamke akizaa anakuwa Mama Fulani, na miaka ikipita hata jirani yake hakumbuki alikuwa nani kabla. Swaumu mwenyewe mpaka alipokuwa na miaka minne alikuwa Hafidha. Kadi za hospitali nazo zinaloa kwenye maji, au zinabaki dunguni, kile kibanda cha kulindia mpunga. Sasa mtu anatoka Kiongoroni, anafika dirishani hana kadi, hana namba, na jina lake la leo si la juzi. Utampataje? Lakini mama yake ni yule yule, na kijiji alichozaliwa ni kile kile. Swaumu akawashikilia wale wa Dar mpaka wakaongeza kisanduku cha jina la mama na kijiji, na nyuma yake wakajenga indeksi. Indeksi ni kama orodha ya mwisho wa kitabu: badala ya kufunua kurasa zote, unatazama neno, unaambiwa ukurasa, unakwenda moja kwa moja.

Kwa hiyo Jumatatu ile ya mwezi wa saba, mfumo ulipoanza kuzubaa, Swaumu alijua ndani ya nafsi yake kwamba watamlaumu yeye na kisanduku chake.

Mpunga ulikuwa umeshavunwa, watu wa delta wamepata nafasi, na kama kawaida wakaja kwa wingi na maradhi waliyoyaahirisha msimu mzima. Maulida, karani wa mapokezi, akiandika jina la mama na kubonyeza, kijiduara kinazunguka. Kinazunguka tu. Anabonyeza tena, na tena, mtu akichoka hufanya hivyo, na kila akibonyeza anaitwika seva mzigo ule ule upya. Makarani wa madirisha mengine nao wanabonyeza. Kufika saa nne hata maabara, ambao hawana habari na mama wa mtu, walikuwa hawawezi kuingiza jibu la malaria.

"Dada wa mtandao," Maulida alisema bila kugeuka, "mtandao umekufa."

"Mtandao ni mzima. Kilichochoka ni seva."

"Haya. Imekufa seva."

Swaumu akampigia Bashiru, fundi wa ile kampuni ya Dar. Bashiru ni kijana mwepesi wa ulimi, si mtu mbaya, ila ana hospitali nyingi za kuhudumia na masikio mawili tu. Funguo zote za seva ziko mikononi mwake. Swaumu amepewa ruhusa ya kusoma peke yake: anaweza kuuliza kanzidata lolote, japo majina na taarifa za wagonjwa anaziona zimefunikwa, na hawezi kubadili hata nukta. Aliomba ruhusa zaidi mwaka juzi, na ombi lake bado linashughulikiwa.

"Labda takwimu zimezeeka," Swaumu alimwambia. Kanzidata huweka takwimu za kukisia: jedwali hili lina mistari mingapi, jina hili limejirudia kiasi gani. Zikichakaa, mashine inakisia vibaya na kuchagua njia ndefu. Iliwahi kutokea. Bashiru akazifanya upya siku ile ile, akasema tayari, dada'ngu, sasa fresh. Haikuwa fresh. Jumanne ilikuwa vile vile, na foleni ikafika getini, penye maegesho ya bodaboda.

Jumatano Katibu wa hospitali, Mzee Khamisi, akaita kikao cha kusimama pale pale mapokezi. Mzee Khamisi ni mtu wa heshima, anaswali, anawahi kazini, na kila kitu chenye waya kwake ni mtandao.

"Nimeelezwa kinachotuangusha ni huku kutafuta majina ya mama," alisema. "Basi tukiache. Mtu wa delta akija bila kadi, aandikwe kama mgonjwa mpya. Leo tujaribu, kesho kukiwa bado hivi, ndio utaratibu."

"Katibu, akiandikwa mpya historia yake inapotea."

"Haipotei, imo humo humo ndani."

"Imo, lakini daktari haioni. Kwake ataonekana hajawahi kuugua."

"Swaumu, watu wamesimama juani. Wewe unaniambia historia."

Na kweli watu walikuwa wamesimama juani, hilo ndilo lililomuuma.

Siku hiyo hiyo alikuja Bi Salama. Mwanamke wa makamo kutoka Kiongoroni, amefika kwa boti mpaka Nyamisati na kutoka hapo kwa bodaboda, mguu wa kushoto umevimba mpaka gotini, umewaka moto. Hana kadi. Akampa Maulida maneno yake yote kwa mpangilio, kama mtu aliyeyarudia njia nzima.

"Mie naitwa Salama. Zamani nikiitwa Tabu, Tabu binti Mohamedi. Hapa nshalazwa, zamani hizo. Walinchoma sindano nikazimika, nikarudi kwa kudra tu. Ndo wazee wakanibadili jina. Sindano yenyewe siijui. Muitazame hiyo, mwanangu, wasinichome tena."

Maulida, badala ya kumwandika mpya, akatafuta Tabu Mohamedi. Hiyo njia ilikuwa bado nyepesi, na ikamletea kina Tabu Mohamedi skrini baada ya skrini, maana delta ina kina Tabu wengi kuliko mikoko. Akauliza jina la mama. "Mwanamkuu," akajibiwa. "Kiongoroni." Akaandika, akabonyeza, kijiduara kikaanza safari yake. Baada ya muda ukurasa ukakata tamaa, ukaandika kwamba seva haijibu.

Daktari Tamimu alimsafisha mguu, akampa dawa ya homa, akasita kwenye sindano. Ile ya kwanza kwenye mwongozo inaweza kuwa ndiyo iliyomzimisha, na ile ya badala yake inaweza kuwa ndiyo pia. Akamwambia arudi asubuhi, labda mfumo utakuwa umeamka. Bi Salama akaenda kulala kwa mpwa wake huko Mtunda akiburuza mguu.

Alhamisi asubuhi alirudi, na mguu umepanda juu ya goti.

"Nasubiri mpaka adhuhuri," Daktari Tamimu alimwambia Swaumu mlangoni. "Ikipita hapo namwanzia ile ya kawaida, niombe Mungu. Mguu huu hausubiri mfumo."

Swaumu akajifungia katika kachumba kake, kati ya katoni za wino wa printa. Alikuwa na hasira na kila mtu: Bashiru, Katibu, Maulida na kidole chake, na yeye mwenyewe aliyepoteza siku akiamini takwimu. Sasa akafanya kile ambacho alipaswa kukifanya Jumatatu. Badala ya kuiuliza kanzidata mama huyu yuko wapi, aliiuliza unamtafutaje. Kanzidata ina adabu hiyo: ukiiagiza, itakueleza mpango wake, kwamba naanzia hapa, napitia hapa, natarajia kupata mistari kadhaa. Na ukiiagiza zaidi, itaifanya kazi yenyewe kisha ikuonyeshe ilikisia nini na ilipata nini. Hiyo ruhusa ya kusoma tu inatosha.

Akaandika jina la mama na kijiji, akaagiza mpango na vipimo, akasubiri. Alisubiri sana. Yalipokuja majibu, aliyasoma akaanza upya.

Mashine ilikuwa imekisia itapata mistari mitano, ikapata sita. Basi takwimu hazina kosa. Ilijua vizuri inatafuta kitu kichache. Lakini njia iliyochagua ilikuwa kusoma jedwali zima la huduma, tangu mwaka hospitali ilipoanza kuandika kwa kompyuta, mstari kwa mstari pamoja na maelezo marefu ya madaktari, na kutupa karibu milioni mbili ili ibaki na sita. Mtu anayejua anatafuta chembe sita za mpunga hapuri shamba zima kwa kupenda. Anafanya hivyo akiwa hana njia nyingine.

Alikuwa na kompyuta yake kuukuu, yenye nakala ya kanzidata ya mwezi wa pili, majina na maradhi yakiwa yamebadilishwa ya kubuni, anayoitumia kufundishia makarani wapya. Kompyuta dhaifu, kibodi imekatika herufi. Akaiuliza swali lile lile. Ikajibu kabla hajanyanyua kidole, na mpango wake ulikuwa mstari mmoja: pita kwenye indeksi ya mama na kijiji. Kwa hiyo si mtandao, na si unyonge wa mashine. Akarudi kwenye seva, akaiomba orodha ya indeksi za jedwali lile. Ya namba ya kadi ipo. Ya simu ipo. Ya jina ipo, ya tarehe ipo. Ya mama haipo.

Swaumu alikaa akiitazama orodha ile. Hakukuwa na kilichoharibika. Kuna mtu aliing'oa.

Bashiru hakupokea simu. Akapiga tena, hakupokea. Akamtumia ujumbe, ukawekewa alama kwamba umefika, ukakaa. Adhuhuri ilikuwa inakuja na Bi Salama alikuwa kwenye benchi, mguu juu ya kiti. Katibu alikuwa ameshamwambia Maulida amwandikie kadi mpya, na Maulida alikuwa ameshaichukua kadi. Swaumu akatoka, akaitoa mkononi mwake.

"Usiandike."

"Katibu ndiye aliyesema."

"Mwambie nimeichukua mie. Ukiandika hii, pale penye mzio wa dawa patakuwa patupu. Daktari akiona patupu atadhani hana."

Maulida akaiweka kalamu chini. Akaenda kumpelekea Bi Salama maji.

Bashiru alipokea hatimaye, akiwa kwenye ngazi ya jengo la mteja mwingine, anahema.

"Bashiru, indeksi ya jina la mama iko wapi?"

"Ipi hiyo, dada'ngu?" Akapanda vidato viwili, akakumbuka. "Ah, ile. Niliifuta mwezi wa tano. Diski ilikuwa inajaa, nikaangalia indeksi zisizotumika. Ile ilikuwa imetumika mara nne tangu mwezi wa pili. Mara nne, dada. Za wenzake zina malaki. Nikasema inakula nafasi bure, na kila mgonjwa akiandikwa inachelewesha. Na niliwaambia kwenye grupu."

"Kwa nini tangu mwezi wa pili?"

"Si ndipo tulipohamia seva mpya? Hesabu ilianza upya."

Swaumu akafumba macho. Mwezi wa pili maji yanapanda, watu wanapanda mpunga. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano wako madunguni wanafukuza ndege na nguruwe, na hakuna anayeliacha shamba kwenda hospitali kwa mguu unaouma kidogo. Anayekuja ni aliyezidiwa kabisa, na huyo anapita mlango wa dharura na barua ya zahanati. Bashiru alikuwa amewahesabu watu wa delta katika miezi ambayo mtu wa delta hayupo. Alihesabu vizuri sana. Hakuna hata namba moja aliyoikosea.

"Mwezi wa nne watu wanalinda mpunga, Bashiru," alisema. "Wanaanza kuja wa saba. Kila mwaka."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Hasira yake ilikosa pa kutua, maana ni kweli, angejuaje? Mtoto wa Kinondoni. Swaumu alipofungua lile grupu baadaye, aliukuta ujumbe wenyewe, umebanwa kati ya tanzia na salamu za Idi: *nimesafisha indeksi zisizotumika, mfumo utakuwa mwepesi*. Watu wengi waliweka dole gumba, Katibu mmoja wao. Na Swaumu mwenyewe pia. Yeye ambaye angejua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule alimwambia Bashiru airudishe, sasa hivi, papo hapo kwenye ngazi.

"Diski haina nafasi ya kuijenga."

"Kuna nakala za zamani umezirundika humo humo kwenye diski. Za mwaka jana. Ninazo kwenye diski ya nje, nimezifungia kabatini. Futa hizo."

"Nikiijenga kwa haraka itafunga jedwali, makarani hawataandika kitu."

"Ijenge kwa njia isiyofunga."

"Hiyo inachukua muda, na haimaliziki mpaka maswali yaliyotangulia yaishe. Hapa naona maswali yenu yamepangana kama foleni ya mafuta."

Swaumu akatoka mbio mapokezi. Akawaambia makarani wote waondoe vidole. Atakayekuja na namba atafutwe kwa namba, lakini jina la mama asiliguse mtu mpaka atakaposema. Katibu akatokea akiuliza ni nani ameamuru kazi isimame. Swaumu alisema ni yeye. Alisema pia, mbele ya watu, kwa sauti ambayo mama yake asingeipenda, kwamba kama Katibu anataka kumfukuza amfukuze saa nane, lakini hadi saa nane amwache. Mzee Khamisi alitazama saa yake, akatoka kwenda kutawadha.

Adhana ilipopigwa indeksi ilikuwa bado. Daktari Tamimu alipita koridoni akatazama ukutani penye saa, akaingia chumbani mwake kuandaa sindano. Swaumu alikaa kwa Maulida, mikono mapajani. Hakuna kazi mbaya kama kungoja kitu ambacho huwezi kukisukuma.

Simu ikalia. "Jaribu," alisema Bashiru.

Akaandika Mwanamkuu, akaandika Kiongoroni, akabonyeza. Kijiduara hakikupata hata nafasi ya kuonekana. Mistari sita. Mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyelazwa zamani, jina Tabu Mohamedi, na chini yake, kwa maneno ya daktari aliyeshahama: alichomwa penisilini, akaishiwa pumzi, akazimia, asipewe tena, wala dawa yoyote ya ukoo huo.

Daktari Tamimu alikuja akausoma akiwa amesimama. Sindano ya kwanza ilikuwa tayari kwenye trei chumbani mwake, na ilikuwa ya ukoo huo huo. Akarudi ndani, akaitoa, akaagiza nyingine. Alipopita mbele ya dirisha mara ya pili Swaumu aliona ameipachika kalamu sikioni, si upande wake wa kila siku, na hakujua.

Saa nane Mzee Khamisi aliwatangazia watu wa barazani kwamba, kwa uwezo wa Mola na juhudi za uongozi, mtandao umetengemaa. Watu wakapiga makofi kidogo. Swaumu hakusahihisha. Alikuwa anamsomea Bashiru kwa simu maneno ya kubandika juu ya indeksi ile ndani ya kanzidata, ili fundi yeyote atakayekuja na mkasi wake ayaone: *usifute; watu wake wanakuja mwezi wa saba*. Pia alikuwa na kadi mpya zilizotolewa tangu Jumatano, za watu wa delta ambao wameshapanda boti kurudi kwao, na kisanduku cha mzio kwenye kadi zao ni kitupu. Sasa angewatafuta mmoja mmoja kwa mama zao, awaunganishe na historia zao. Ya kwanza aliyoifungua, mtu wake alikuwa na pumu, na dawa aliyopewa Jumatano haikuwa ya mtu mwenye pumu. Namba ya simu aliyoacha ilikuwa haipatikani. Akaipiga tena.

Bi Salama alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, dripu mkononi. Swaumu alipoingia kumjulia hali, alimwonyesha kwa kidevu akae.

"Wameniambia jina langu limeonekana."

"Limeonekana, mama."

"Lilikuwa wapi?"

"Lilikuwemo. Siku zote lilikuwemo."

Bi Salama akamtazama, hana hasira, anataka tu kuelewa.

"Sasa mie si nshawaambia tangu jana asubuhi, mamangu ni Mwanamkuu?"

"Ulituambia," alisema Swaumu.

Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa Maulida, na nyuma ya sauti yake printa ilikuwa inakwaruza: "Dada wa mtandao, printa imegoma."